Naomba ushauri: bati linavuja kwenye tundu la msumari

Wadau, habari zenu. Bati la chumbani kwangu linavuja. Mwanzo nilidhani tundu liko juu ya kitanda panapodondokea maji, kumbe maji yanatembea kwenye papi karibu hatua mbili ndipo yanadondoka. Mchana nilizima taa, nikaona kamwanga kembamba pembeni ya msumari. Mpira wa chini ya kofia umekauka na kupasuka, na msumari wenyewe ukiugusa unacheza.

Kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha, nilipaka silikoni kwa ndani. Ilishika siku mbili tu. Nilipoibandua, nyuma yake kulikuwa na maji na vumbi la kutu. Nadhani niliipaka kwenye bati bichi, halafu maji ya juu yakaisukuma itoke.

Sasa jua limetoka na nataka kuziba kwa nje. Nimepanga kusugua kutu kwa brashi ya waya, nifute na kukausha, nipake silikoni, nilaze kipande cha kitambaa cha turubai, kisha nipake tena juu yake mpaka kofia yote ifunikwe. Nitakanyaga kwenye mistari ya misumari, maana ndipo papi zilipo.

Swali langu: huu msumari unaocheza niuzibe hivyo hivyo, au kwanza niung'oe nifunge skrubu nene yenye mpira? Naogopa bati likipanuka na jua, msumari utapasua kiraka. Na kwa ndani, niache wazi nione kama bado linavuja?