Naombeni ushauri: "baharia aliyemwita nahodha", hapa nani kamwita nani?

Mtafsiri_Mza
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mwanza, nina kazi ya tafsiri kutoka Kikorea na natakiwa kuikabidhi Ijumaa. Mhariri kanirudishia ikiwa na alama nyekundu kila penye "ambaye", "ambacho", "ambao". Anasema amba- ni uvivu, Kiswahili fasaha kinataka kirejeshi kikae ndani ya kitenzi. Swali langu ni dogo tu: yuko sahihi? Na Wakorea nasikia huanza na maelezo, jina lenyewe linakuja mwisho. Je, na sisi tufuate mpangilio wao ili maana isipotee? Mfano ninao huu: "Baharia aliyemwita nahodha abaki mlangoni." Mimi naona iko sawa, ila inanisumbua tangu jana.

Mwalimu_Nyakato
Mhariri wako yuko sahihi. "Mtu aliyekuja" inapendeza kuliko "mtu ambaye alikuja", na wanafunzi nawaambia hivyo hivyo. Kuhusu mpangilio, kanuni ni moja: lugha inayoweka kitenzi mwisho, kama Kikorea au Kijapani, hutanguliza kishazi rejeshi kabla ya nomino. Lugha yenye kitenzi katikati, kama yetu, hukiweka baada. Basi andika Kiswahili chako kwa amani.

Bint_Bwiru
Mwalimu, shikamoo. Upande wetu umesema kweli, lakini kanuni haifungi pande zote. Kiajemi huweka kitenzi mwisho, na bado kishazi kinafuata nomino kama kwetu. Kichina nacho kitenzi chake kiko katikati, lakini kishazi kinatangulia, halafu inakuja "de", halafu nomino. Lugha zenye kitenzi kabla ya shamirisho karibu zote huweka kishazi nyuma ya nomino, na Kichina ndicho kinachojitenga. Zenye kitenzi mwisho ndizo zimegawanyika.

Ndugu Mtafsiri, tatizo lako haliko kwenye mpangilio wa Kikorea. Liko kwenye hiyo sentensi uliyosema iko sawa. Isome tena polepole: "baharia aliyemwita nahodha". Kirejeshi -ye- ni cha baharia, hilo halina shaka. Lakini a- ya mwanzo ni ya nani? Inaweza kuwa ya baharia, basi yeye ndiye aliyeita. Inaweza kuwa ya nahodha, kwa sababu kirejeshi kikiingia ndani ya kitenzi, kiima husukumwa nyuma ya kitenzi. Na -m- nayo inamfaa yeyote kati yao. Viambishi vyote vitatu ni vya ngeli moja, umoja, kwa hiyo hakuna kinachoamua. Ni kama "samaki aliyemla mtoto": hujui uogope samaki au umsifu mtoto.

Kabla sijaendelea: hiyo kazi ni ya nini, na kabla mhariri hajaigusa uliandikaje?

Karani_Igoma
Mimi amba- ilinitesa kwenye mihtasari ya vikao. Bosi alitaka "ambacho kimeharibika" ifupishwe, mtu akaandika "kimechoharibika". Hakuna kitu hicho. Kati ya viambishi vya wakati, kirejeshi hukaa na -li-, -na- na -taka-, basi. Kwenye -me- hakiingii, ni lazima uandike "kilichoharibika". "Ambaye ataingia" inakuwa "atakayeingia", si "atayeingia". Na "ambaye hajafika" usiiguse kabisa, maana "asiyefika" haisemi kwamba bado anasubiriwa. Angalia hayo kwanza, kaka.

Mtafsiri_Mza
Asanteni. Kazi ni maelekezo ya kawaida ya chombo. Sijaona haja ya kuingia ndani sana, ninachotaka kujua ni kama mhariri yuko sahihi.

Bint_Bwiru
Chombo gani, na nani atayasoma? Kama ni redio ya jikoni, msomaji akikosea atabonyeza tena.

Mtafsiri_Mza
Haya. Ni maelekezo ya dharura ya boti ya abiria, yatabandikwa ukutani yasomwe na mabaharia. Sentensi ile ni ya moto kwenye chumba cha injini. Na nimeshabadilisha amba- zote, sehemu 38, kwa mkono, moja moja, usiku mbili. Mwanzo niliandika "baharia ambaye nahodha alimwita". Lakini jamani, muktadha si upo? Baharia yeyote ataelewa. Na mhariri ana uzoefu kuliko mimi, siwezi kurudi kumwambia nimerudisha zote.

Dagaa_Kirumba
Ndugu yangu, muktadha upi wakati moshi umejaa? Ziwa hili lilichukua watu wa MV Bukoba mwaka 1996 na wa MV Nyerere mwaka 2018. Maandishi ya ukutani ya dharura hayafanyiwi mbio za Ijumaa. Omba muda.

Bint_Bwiru
Huna haja ya kurudisha zote 38, na mabadiliko mengi huenda yamekaa vizuri. Tafuta kwenye faili lako vipande hivi: aliyem, anayem, atakayem, waliowa, wanaowa. Hapo kiima, kirejeshi na shamirisho vinaweza kuwa vya ngeli moja. Kila utakapokuta nomino mbili za watu zote umoja, au zote wingi, simama. Zikitofautiana, pita: "baharia waliyemwita manahodha" haina utata, kwa sababu wa- haiwezi kuwa ya baharia mmoja. "Baharia niliyemwita" nayo ni salama. Usisahau vitu vya ngeli moja pia, kama kifuniko na kifaa.

Ukishazipata, dawa ya kwanza ni kutendwa: "baharia aliyeitwa na nahodha". Baharia amekuwa kiima, kirejeshi kimebaki ndani ya kitenzi, mhariri ameridhika. Hii si hila ya kwetu tu. Mwaka 1977 wanaisimu Edward Keenan na Bernard Comrie walionyesha kwamba lugha zina ngazi ya nani anaweza kuelezwa kwa kirejeshi: juu kabisa ni kiima, chini yake shamirisho, mbele zaidi mmiliki, na kila lugha ina daraja lake la kukomea. Kimalagasi hukomea kwenye kiima. Ukitaka kusema "samaki ambaye mtoto alimla" kwa Kimalagasi, ni lazima kwanza umfanye samaki kuwa kiima kwa umbo la kutendwa, ndipo umwongezee maelezo.

Kwetu daraja la mmiliki ndilo linaloumiza. "Baharia ambaye boya lake limepasuka" uliifanyaje?

Mtafsiri_Mza
"Baharia aliyepasuka boya lake."

Bint_Bwiru
Soma kwa sauti. Aliyepasuka ni nani? Kitenzi kimekubaliana na baharia wakati kilichopasuka ni boya. Hiyo amba- ina kazi, iache, au andika "baharia mwenye boya lililopasuka".

Mwalimu_Nyakato
Hapo nakubali. Ila bado nasema hii sentensi ya nahodha ingetibiwa kwa mkato tu.

Bint_Bwiru
Mkato una kazi nyingine, mwalimu. "Mabaharia waliovaa maboya washuke" inawachagua waliovaa tu. "Mabaharia, ambao wamevaa maboya, washuke" inawashusha wote na kutuarifu kwamba wamevaa. Hautaji aliyeita.

Mtafsiri_Mza
Nimeelewa. Kwa manufaa ya wengine naweka na Kikorea chenyewe cha sentensi ile: *seonwon bureun seonjang*. Seonwon ni baharia, bureun ni aliita, seonjang ni nahodha.

Jicho_la_Capri
Samahani, mimi siamini tena uzi huu. Nimefanya kazi na Wakorea. Hiyo si Kikorea, ni Kiswahili kilichovalishwa maneno ya Kikorea. Nomino inayoelezwa Kikorea huiweka mwisho. Ulichoandika, kikisomeka kabisa, kinamzungumzia nahodha, si baharia. Kingeandikwa *seonjang-i bureun seonwon*, baharia aliyeitwa na nahodha, au *seonjang-eul bureun seonwon*, baharia aliyeita. Tofauti yote iko kwenye -i ya kiima na -eul ya shamirisho, na wewe hukuweka hata moja. Hakuna karatasi, hakuna boti, umetunga swali ili watu wabishane.

Karani_Igoma
Eeh, kweli maneno yamepangwa kama yetu.

Mtafsiri_Mza
Sijatunga. Ukweli ni kwamba sisomi Kikorea. Maneno yale matatu niliyatoa kwenye orodha ya msamiati nikayapanga mwenyewe. Kazi nimeifanya kutoka rasimu ya Kiingereza niliyopewa, na rasimu inasema wazi kwamba nahodha ndiye aliyeita. Mwajiri anajua natafsiri kutoka Kikorea. Sikuona kama ingebadilisha chochote, maana nafasi ya maneno kwenye Kiingereza haina utata hapo.

Bint_Bwiru
Inabadilisha mengi. Kiingereza na Kikorea haviandiki kiungo mahali pamoja. Kikorea hakina neno kama "ambaye". Mwisho wa kitenzi chenyewe ndio unaofunga kishazi kwenye nomino, na kielelezo kidogo nyuma ya nahodha ndicho kinachosema nani kafanya. Aliyeandaa rasimu akipitwa na silabi hiyo moja, sentensi inageuka, na wewe huna pa kuonea. Afadhali hata ingekuwa Kichina: *chuanzhang jiao de chuanyuan* kwa aliyeitwa, *jiao chuanzhang de chuanyuan* kwa aliyeita. Maneno ni yaleyale, yamehama nafasi tu, jicho linaona.

Omba picha ya ukurasa wa asili. Huhitaji kujua lugha nzima. Tafuta 선장, hiyo ni seonjang, halafu tazama silabi iliyoshikana nayo: 이 au 을.

Dagaa_Kirumba
Na mwajiri umwambie ukweli kuhusu hiyo rasimu.

Mtafsiri_Mza
Nitamwambia. Picha nimeipata sasa hivi kutoka kwa mwenzangu wa bandarini. Imeandikwa 선장을 부른 선원.

Jicho_la_Capri
을. Basi baharia ndiye aliyemwita nahodha. Nafuta nililosema juu ya kutunga.

Mwalimu_Nyakato
Kumbe "aliyemwita nahodha" ya mhariri ilikuwa na maana sahihi tangu mwanzo!

Bint_Bwiru
Maana sahihi imo, mwalimu, pamoja na ile isiyo sahihi. Na sasa kutendwa hakutusaidii tena, kwa sababu baharia tayari ni kiima. "Baharia ambaye alimwita nahodha" inaeleweka, ila mhariri ataitia nyekundu. Mimi ningebadilisha kitenzi: "Baharia aliyetoa taarifa kwa nahodha abaki mlangoni." "Kwa" imemshika nahodha upande wa mpokeaji, hakuna -m- wala kiima cha kuhamia nyuma. Ila mwenye chombo athibitishe kwamba "kuita" hapo ni kutoa taarifa, si kumleta nahodha mwenyewe mpaka mlangoni.

Sentensi ngapi nyingine zimebaki na "aliyem"?

Mtafsiri_Mza
Nimehesabu 11. Mbili zina nahodha na fundi, moja ina abiria na baharia. Nimeomba picha zote, na Ijumaa nimeisogeza hadi Jumatano. Mhariri bado anasema amba- hapana.

Karani_Igoma
Zile za "ambaye hajafika" umeziacha?

Mtafsiri_Mza
Moja nilishaigeuza kuwa "abiria asiyefika". Narudi kuirekebisha usiku huu.