Naomba mnikosolee mchanganuo wangu wa kuku wa nyama, Moshi

Kijana wa Pasua: Wakuu, habari za jioni. Nina mchanganuo wa kuku wa nyama hapa Moshi. Naomba mnikosolee bila kuficha: utalipa? Na mtaji utatosha?

Mama Vifaranga: Mdogo wangu, mchanganuo wenyewe hujauweka. Kuku wangapi, anayenunua ni nani, na una shilingi ngapi mkononi?

Kijana wa Pasua: Kuku 200. Wateja ni watu wote, kuku kila mtu anakula. Mtaji upo wa kutosha.

Mzee wa Kiboriloni: Soko lisikuumize kichwa. Nunua vifaranga na chakula cha kuanzia, wakikua unauza wachache kulisha waliobaki.

Mama Vifaranga: Kuuza kidogo kidogo inawezekana, mzee wangu, ila fedha itakata kabla ya hapo. Kuku mmoja hula kama kilo 3 na robo mpaka wiki ya tano, kwa hiyo 200 wanataka mifuko 13 ya kilo 50. Wiki tatu za kwanza hazimalizi hata mitano. Minane inaliwa wiki mbili za mwisho, na wakati huo bado hujauza. Ukipunguza chakula hapo, wanabaki wepesi na mnunuzi anashusha bei.

Sasa huyo "kila mtu". Tuseme wamekufa 10, umebaki na 190. Wauza chipsi wakikuchukulia 10 kwa siku, taslimu, utamaliza siku ya 19. Wanaosubiri wanaendelea kula, kwa uchache gramu 150 kila mmoja kwa siku. Hiyo ni mifuko mitano na zaidi ambayo haimo kwenye ile 13.

Hoteli inaweza kubeba wote siku moja ikakulipa baada ya siku 30. Ukisafisha banda na kulipumzisha wiki mbili, kundi la pili linaingia kabla hujalipwa. Lazima uwe na fedha ya vifaranga wapya na kama mifuko miwili hadi mitatu ya kuwafikisha siku ya malipo. Kuku ni wale wale 200, ila mtaji umebadilika kwa sababu ya mnunuzi. Ndiyo maana nauliza.

Dada Usa River: Mimi wangu wa mayai wanakula kuliko wanavyotaga, shida ni nini?

Mama Vifaranga: Hao hesabu yao ni nyingine, mama. Fungua uzi wako, utaje umri wao na trei unazookota kwa siku.

Mzee wa Kiboriloni: Hoteli za wapanda mlima Aprili na Mei huwa kimya, masika. Bora chipsi.

Mama Vifaranga: Hapo kweli. Ila bei za hoteli na za chipsi hatujaziona, siwezi kusema ipi bora.

Kijana wa Pasua: Nina fedha ya vifaranga 200, banda, chanjo na mifuko sita. Hoteli sijaongea nazo. Nikianza na 80?

Mama Vifaranga: 80 wanataka mifuko mitano na kidogo, wakiondoka wote wiki ya tano. Nani atawachukua?

Kijana wa Pasua: Kesho napita kwa wauza chipsi wa Majengo na Mbuyuni, niulize kila mmoja anachukua wangapi kwa siku. Nitaandika hapa.