Barua ya mama wa mkahawa

Kikundi: Ushirika wa Kahawa, Sipi Juu

[06:12] Mama Chebet: Ndugu zangu, barua imefika kutoka Kampala, kwa yule mama wa mkahawa. Someni yote kabla ya kujibu:

"Wapendwa wakulima, asanteni. Gunia lenu la kwanza nimelikaanga, nikawapa wateja kahawa bila maziwa, na hakuna aliyeomba sukari. Ni tamu, safi, na uchachu wake ni mwororo kama wa chungwa. Inaonyesha mlimenya siku ileile mliyochuma, mkaanika juu ya vitanda. Jambo moja tu: baada ya kukaanga, kila gramu 100 zilikuwa na punje tano sita zilizobaki na rangi hafifu. Nilizitoa kwa mkono, maana zinatia kikombe ladha ya karanga kavu. Msimu ujao nitachukua magunia 4, mkinisaidia hapo."

[06:14] Mama Chebet: Jumamosi saa 4 tukutane kwenye mashine tumjibu. Nani anakuja?

[08:40] Kiplimo: Kwa hiyo anataka kurudishiwa pesa?

[08:41] Mama Chebet: Soma tena, Kiplimo. Anashukuru.

[08:55] Cherop: Hizo hafifu ni za kukauka vibaya. Si mnakumbuka ile mvua ya mchana?

[09:20] Mwalimu Satya: Si hivyo, dada. Isiyokauka ingeota ukungu ghalani. Hizi zimetoka kwenye tunda lililochumwa kabla ya kuiva. Punje haikupata sukari ya kutosha, kwa hiyo motoni haishiki rangi, na kabla ya kukaanga ni vigumu kuitambua. Tumwage matunda kwenye pipa la maji kabla ya kumenya, yanayoelea tuyatoe. Ila mabichi mengine huzama. Kinga kubwa ni mkono wa mchumaji.

[09:31] Kiplimo: Basi shemeji Cherop asichume tena, yeye hata embe la kijani anasema limeiva 😂

[09:33] Baba Yeko: 😂😂

[09:40] Cherop: Waulizeni waliovuna shamba zima kwa siku moja wakiogopa wezi. Mnawajua. Na ile mizani ya mwaka juzi sijaisahau.

[09:42] Mama Chebet: Mizani tuiache leo. Magunia 4, jamani! Nataka majina.

[11:17] Mama Yeko: Na mimi niliyemuuzia dalali ikiwa bado maua, nipate karo? Yeye ndiye anayeamua lini ichumwe.

[13:05] Mzee Musobo: Nimesomewa barua. Kahawa haiivi yote kwa pamoja, lazima urudi shambani mara kadhaa na kila mara ulipe vibarua. Asiyeweza, kahawa yake isiingie gunia la huyu mama. Na shamba mnalolizungumzia ni la mwanangu. Nitasema naye mwenyewe.

[13:48] Mwalimu Satya: Tumesikia, Mzee.

[19:22] Kiplimo: Jumamosi nina msiba Kapchorwa. Jumapili je?

[19:25] Mama Chebet: Jumapili basi, baada ya kanisa. Pipa la maji liko kwa nani?

[21:02] Cherop: Liko kwangu. Nitalitoa mizani ikishapimwa upya.