Naomba ushauri: kufuta ankara yenye VAT isiyo sahihi

Habari zenu wakuu. Tunatengeneza mitambo ya baridi Kongowea, Mombasa. Ankara ya shilingi 100,000 ilitoka eTIMS ikiwa na VAT 0% badala ya 16%, na mteja ameshalipa. Kwa kuwa ankara iliyotumwa haifutiki, nimepanga kutoa kredit noti ya kiasi chote, itaje namba ya ankara ya kwanza na sababu, kisha ankara mpya ya 116,000 yenye maneno "inachukua nafasi ya ile ya awali".

Naogopa mhasibu wa mteja asije akahesabu ankara zote mbili. Je, ile 100,000 niihamishie ankara mpya nimdai 16,000 tu, na je, nimwombe athibitishe kwa maandishi kwamba ya zamani imefutwa?