Chumba kimoja: fundi anataka ndoo mbili, mi napata litri saba na nusu. Nani anakosea?

Baba_wa_Panzi:
Jambo bandugu. Niko Bukavu, Panzi. Tulimaliza kupiga sima chumba kimoja cha nyuma na sasa nataka kupaka rangi ya maji ndani, kuta tu, plafo hapana juu ni mbao. Fundi aliingia, akaangalia juu, akaangalia chini, hakutoa hata meta mfukoni, akasema ndoo mbili za ishirini. Usiku nikachukua meta mi mwenyewe, mtoto akashika upande ingine. Chumba ni 4 kwa 3.5, kwenda juu 2.8. Kuzunguka kuta zote inafika meta 15, mara 2.8 inatoka 42. Nikatoa mlango 0.9 kwa 2.1, nikatoa madirisha mbili za 1.2 kwa 1.2, zote pamoja 4.77, ikabaki 37.23. Kushi mbili njo 74.46. Kwa dépôt muuzaji alinisomea kwenye ndoo: litri moja meta kare 10. Kwa hiyo litri saba na nusu. Kutoka saba na nusu mpaka arobaini, hapo kuna mwizi ama mi sijui kuhesabu?

Mama Riziki:
Papa, mambo ya kutoa mlango na madirisha uache. Sisi tulipaka nyumba nzima hatukutoa hata dirisha moja, ile inayozidi inaenda kwa rulo, kwa ndoo, kwa chini. Hesabu 42 mara mbili, maliza, ununue 9.

Mwana_Kadutu:
Usipake hiyo ya maji kabisa! Kwangu kila mvua kuko madoa ya njano chini ya ukuta, nimepaka mara tatu na inarudi. Weka ya mafuta.

Baba_wa_Panzi:
Asante ndugu lakini yangu haina madoa, ni ukuta mupya. Nauliza kiasi tu.

Fundi_Mzee_Nguba:
Hesabu yako ya kuta ni nzuri, sina cha kusahihisha. Shida iko kwa ile 10. Hiyo ni ya ukuta laini ambao umeshapakwa mbele. Sima mupya inakunywa. Kushi ya kwanza unaweza kupata meta kare 6 ao 7 kwa litri, na kama fundi aliacha ukuta mkwaruzo bila kulainisha unashuka hata chini ya hapo. Ya pili ndiyo inakaribia ile 10, juu ya kwanza imeshaziba vitundu. Kwa hiyo usichukue 37 mara mbili ugawe na namba moja. Gawa kila kushi kivyake. 37 kwa 6 ni kama litri sita na kidogo, 37 kwa 10 ni karibu nne. Uko kwa litri kumi, si saba na nusu, na si arobaini.

Jambo ya pili, rudi kwa dépôt usome ndoo na macho yako. Ni litri 20 ao ni kilo 20? Ndoo nyingi wanauza kwa kilo. Rangi ya maji ya kuta ni nzito kuliko maji, litri moja inaweza kupima kilo moja na nusu hivi, kwa hiyo ndoo ya kilo 20 ndani yake ni litri 13 ao 14. Watu wanaona 20 wanafikiri ni litri, rangi inaishia katikati ya ukuta wa tatu wanasema fundi ameiba.

Mama Riziki:
Kwa hiyo mi nilikosea kusema asitoe milango?

Fundi_Mzee_Nguba:
Kwa chumba chake hujakosea sana mama, ni kama sehemu moja kwa tisa. Lakini mtu wa saloni yenye dirisha kubwa la vioo upande mzima, asipotoa anabeba rangi ya bure. Na kuko kitu wote munasahau: pande za ndani za dirisha, ule unene wa ukuta kati ya kioo na chumba, nao unapakwa. Dirisha la 1.2 kwa 1.2, kuzunguka ni meta 4.8, unene wa sentimeta 10 tu unakupa karibu nusu meta kare. Madirisha mbili, meta kare moja inarudi. Kwa hiyo Baba wa Panzi andika 38.

Vye_Ibanda:
Mi nilisoma kwenye ndoo ingine «5 m² kwa kushi mbili» nikazidisha tena mara mbili, nikabaki na ndoo nzima kwenye depo, ilikauka juu kama ngozi ya ng'ombe. Muangalie imeandikwa kushi moja ao mbili.

Fundi_Mzee_Nguba:
Hiyo nayo iko. Baba wa Panzi, hiyo sima ni ya lini?

Baba_wa_Panzi:
Wiki mbili na siku kadhaa.

Fundi_Mzee_Nguba:
Ngoja bado. Wiki nne ndiyo ya chini, na kwa mvua za kwetu hata zaidi. Jioni bandika kipande cha sashe ya plastiki kwa ukuta, funga pande zote na skochi, asubuhi uangalie. Kukiwa na matone ndani ama sima imegeuka nyeusi chini yake, maji bado yanatoka. Ukipaka hapo rangi itafanya malengelenge na litri zote tulizohesabu zitarudi kwa kuparuliwa.

Ukikauka, usiniamini mi wala fundi wako. Nunua kidogo, ama fungua ndoo moja tu. Pima litri moja ya rangi kabla ya kutia maji, halafu changanya, paka kutoka kona mpaka iishe, pima umefika wapi. Maji hayafuniki ukuta, yanasaidia tu rulo itembee. Fundi akitia maji mengi atakuonyesha litri moja imepaka chumba, na kushi ya pili utaona sima inachungulia.

Mwana_Kadutu:
Na madoa yangu hakuna anayejibu 😔

Vye_Ibanda:
Ndugu yako kuko maji yanapanda toka chini, si mambo ya rangi. Fungua uzi wako.

Baba_wa_Panzi:
Bandugu nimerudi, imepita wiki tatu. Plastiki ya kwanza ilikuwa na matone, nikangoja, ya pili kavu. Ndoo nilisoma mwenyewe: 20 kg. Litri hakuna mahali. Nikafungua moja, nikapima litri kwa chupa ya maji niliyotia alama, fundi akicheka. Ilienda kutoka kona mpaka meta 2 na sentimeta 30, juu mpaka chini. Mara 2.8 ni 6.44. Kwa hiyo 38 kugawa 6.44 ni litri 5.9, na kushi ya pili nikiacha 10 ni 3.8. Jumla 9.7.

Fundi_Mzee_Nguba:
Ongeza kidogo ya rulo na kona, sema kumi na nusu. Ndoo moja inatosha. Lakini ukitia rangi ya tubi ubadilishe kivuli, changanya yote siku moja. Ikiisha ukachanganya ingine, ukuta utaona mstari pale ulipoishia.

Baba_wa_Panzi:
Kushi ya kwanza imemaliza chumba, ndoo imeshuka karibu nusu. Fundi sasa anasema ile ndoo ya pili alihesabia kushi tatu juu rangi ni nyeupe. Hiyo ni kweli?

Fundi_Mzee_Nguba:
Inaweza kuwa kweli. Nyeupe juu ya sima ya kijivu mara ingine inaomba ya tatu, inategemea rangi yenyewe. Ngoja ya pili ikauke, uangalie mchana, taa isikudanganye. Hata kwa tatu, bado litri ina hesabu: 38 kwa 10, zaidi ya hapo aniambie inaenda wapi.

Mama Riziki:
Na itakayobaki Papa, funga vizuri kabla fundi hajaomba ndoo tupu ya kuchotea maji.