Mwachano wa histogramu ya MACD: tusome kwenye kilele cha bei au kilele cha histogramu yenyewe?

KibandaChaMishumaa: Wakuu, nina kijiprogramu cha Python kinachosaka mwachano kwenye EUR/USD, chati ya siku, kwa bei za kufunga:

```
e = lambda s, n: s.ewm(span=n, adjust=False).mean()
m = e(c, 12) - e(c, 26)
h = m - e(m, 9)
```

Njia A inasoma h kwenye mshumaa ule ule wa kilele cha bei. Njia B inatafuta kilele cha h ndani ya mishumaa 5 iliyotangulia. Zinagombana. Bei ilifika 1.0910 mshumaa wa 60, kisha 1.0942 mshumaa wa 78. Kwa A, h ni 0.0004 halafu 0.0002, yaani mwachano. Kwa B ni 0.0009 halafu 0.0011, hakuna kitu. Nifuate ipi?

MzeeWaChati: B. Histogramu inafuata kasi, na kasi huchoka kabla ya bei. Bei ikifika kileleni, h imeshaanza kushuka, kwa hiyo A inakuonyesha imeshuka kiasi gani, si msukumo ulikuwa na nguvu gani. Angalia pia kama h ilizama chini ya sifuri katikati. Kama haikuzama, huo ni msukumo mmoja, usiulinganishe na nafsi yake.

Dada_Pipsi: Kwangu MetaTrader 4 vijiti viko juu ya sifuri muda wote. Kodi yako ina kosa.

MzeeWaChati: Dada, vijiti vya MT4 ni m, si h. Na laini yake ya ishara ni wastani wa kawaida, si EMA. Mnatazama vitu viwili.

Dada_Pipsi: Mwaka mzima nauza kwa vijiti hivyo 😅

NuktaSaba: Tatizo ni mwanzo wa data. Hapo EMA inaanza na bei ya kwanza, wengine huanza na wastani. Tupa mishumaa 26 ya kwanza, namba zitalingana.

MzeeWaChati: Mwanzo ni kweli, 26 haitoshi. Athari ya mwanzo hupungua kwa 25/27 kila mshumaa, na baada ya 26 bado imebaki kama asilimia 13. Mimi hutupa 150.

KibandaChaMishumaa: Lo! Data yangu inaanzia mshumaa wa 1 kweli. Navuta miaka miwili ya nyuma.

MzeeWaChati: Kilele unakithibitisha kwa mishumaa mingapi?

KibandaChaMishumaa: Mitatu kila upande.

MzeeWaChati: Basi kilele cha 78 unakijua 81 ikishafunga. Ukijaribu kwa data ya zamani ukaingia sokoni 78, hiyo faida ni ya ndotoni.

KibandaChaMishumaa: Ndivyo nilivyofanya... Nimerekebisha, nusu ya faida imeyeyuka.

NuktaSaba: Na hiyo 5 ya njia B umeitoa wapi? Kwangu nikiweka 8 baadhi ya ishara zinageuka.

KibandaChaMishumaa: Kwa jicho tu, mkuu.