Tupeane uzoefu: Muwasho wa kinenani na mapajani, ni fangasi au michubuko ya jasho?

Msafiri wa Boda (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za muda huu. Hili jambo watu wengi tunalibeba kimya kimya kwa aibu, ndiyo maana nimeona tulizungumze.

Naendesha bodaboda hapa Dar. Kutwa nzima niko juu ya siti, jinzi imenibana, jasho linateremka. Joto la Januari lilipopamba moto nilianza kuwashwa kinenani upande wa kulia. Kilianza kidoa, kikatanuka kuteremka pajani kama mwezi mchanga. Cha ajabu, katikati palitulia na kubaki weusi weusi tu, lakini pembeni paliinuka, pana magamba na vipele vidogo. Usiku ndiyo balaa, unajikuna hadi usingizi unaisha.

Duka la dawa nikapewa tyubu ya dawa mchanganyiko. Muwasho ulikata haraka mno. Nikiacha kupaka, unarudi, na kila ukirudi eneo limeongezeka, mwisho likafika kwenye makalio. Ile pete ikapotea umbo, ngozi ya kinenani ikawa nyembamba na michirizi kama ya mama aliyejifungua.

Zahanati niliyoenda baadaye, tabibu hakuandika dawa kwanza. Alikwangua magamba ya pale ukingoni, yakaenda kwenye hadubini, fangasi wakaonekana. Kisha akaniambia nivue viatu. Katikati ya vidole vya miguu palikuwa pamelainika, peupe, pananuka. Akasema chanzo kiko huku chini, unavuta boksa kupitia miguuni unawapandisha mwenyewe.

Wenzangu, nyie mlitambuaje?

Binti wa Pongwe
Pole sana kaka. Mimi yangu haikuwa fangasi kabisa. Nina mapaja manene, nikivaa dera bila kitu ndani na kutembea juani, mapaja yanasuguana hadi yanatoka wekundu. Kwangu hapawashi, panachoma. Ukioga maji yakigusa unaruka. Na ni pande zote mbili sawasawa, pale pale nyama zinapokutana, hakuna pete wala magamba. Dada mmoja alinipa krimu ya fangasi, ilinichonyota tu. Kilichonisaidia ni kupaka mafuta ya mgando kabla ya kutoka na kuvaa taiti ya pamba inayofika karibu na magoti. Nikipumzika siku chache ngozi inafunga yenyewe.

Mzee wa Kikoi
Vijana, mnajipa maradhi makubwa. Yote hayo ni jasho na nguo za nailoni. Nyoa, oga, jikaushe vizuri, vaa kikoi jioni upate hewa, yataisha. Likizidi, kata ndimu upake. Mimi tangu ujana sijawahi kununua tyubu.

Nesi wa Zamani
Shikamoo mzee. Kuhusu hewa na kujikausha uko sahihi, bila hivyo hata dawa nzuri haifanyi kazi vizuri. Ila ndimu naomba sana watu wasipake. Inaunguza ngozi iliyokwisha kuchubuka, na ukipigwa jua na ndimu bado iko mwilini unaweza kutoka malengelenge na doa jeusi la muda mrefu. Na fangasi akishajenga, kikoi peke yake hakimwondoi.

Binti wa Pongwe ameeleza tofauti vizuri kuliko vitabu. Mimi naongeza kwamba ukitaka kujua, tazama ukingo. Fangasi huyu anakula tabaka la juu la ngozi na kusonga mbele kuelekea nje, kwa hiyo vita iko pembeni, katikati panapoa. Michubuko haisafiri, inakaa pale panaposuguana, na ukiondoa msuguano inapona. Fangasi anaendelea hata ukilala kitandani wiki nzima. Kwa wanaume, mara nyingi huyu wa pete huacha korodani salama. Zikiwa nyekundu nazo, na kuna vipele vidogo vimetawanyika nje ya eneo, huenda ni fangasi wa aina nyingine, yule anayependa sana watu wenye kisukari. Huyo mtu apime sukari pia.

Lakini msichanganyikiwe, vyote viwili vinaweza kukaa pamoja. Ngozi iliyochubuka na kulowa ni mlango wazi.

Sasa tyubu ya Msafiri. Dawa nyingi za mchanganyiko zina dawa ya fangasi, dawa ya bakteria, na steroidi kali kama betamethazoni au klobetasoli. Steroidi inazima muwasho na wekundu, na wakati huo huo inaulaza ulinzi wa ngozi, fangasi anatanuka bila kelele. Ndiyo maana pete ilipotea. Wekundu utaondoka, lakini ile michirizi huwa haifutiki yote. Kabla ya kulipa, soma maandishi madogo kwenye boksi au mwombe mtoa dawa akusomee.

Msafiri wa Boda
Ni hiyo hiyo betamethazoni dada. Boksi bado ninalo.

Mama Pendo
Samahani, mwanangu wa darasa la pili ana mapunye kichwani, nywele zinakatika kwa miduara. Naweza kumpaka hiyo hiyo ya fangasi bila steroidi?

Nesi wa Zamani
Mama Pendo, ya kichwani krimu haitoshi kwa sababu fangasi yuko ndani ya nywele hadi kwenye shina. Anahitaji vidonge, kwa mfano griziofulvini, na kipimo kinafuata uzito wake. Mpeleke apimwe, na wadogo zake watazamwe vichwa.

Bwana Bajaji
Tupe basi namna ya kupaka, maana wengine tunapaka muwasho ukikata tunatupa.

Nesi wa Zamani
Osha, kausha hadi pakauke kabisa. Klotrimazoli asubuhi na jioni, ipite ukingo kwa upana wa vidole viwili hivi, kwenye ngozi inayoonekana nzima. Kawaida ni wiki 2 hadi 4, na usiache siku muwasho ulipokata. Ngozi ikishakuwa safi, endelea kama wiki moja. Terbinafini ya kupaka huchukua muda mfupi zaidi, wiki 1 au 2. Tibu miguu wakati huo huo, na vaa soksi kabla ya boksa. Taulo lako usichangie na mtu. Aliyekwisha kupaka steroidi muda mrefu, au eneo ni kubwa, huyo aonane na tabibu, anaweza kuhitaji vidonge.

Bwana Bajaji
Na mke wangu apake hata kama hawashwi?

Nesi wa Zamani
Atazamwe kwanza. Akiwa na dalili atibiwe pamoja nawe. Kama hana, mimi simpi dawa, ingawa kuna wenzangu wanaowatibu wote wawili.

Dereva wa Semi
Mimi nimekwama. Nina baka la kahawia kinenani pande zote, halina pete, haliwashi sana, lina unga unga kidogo. Nimepaka klotrimazoli na nyingine, halitikisiki. Joto la kwenye kabini ya lori unalijua mwenyewe.

Nesi wa Zamani
Wewe naanza kufikiria bakteria wa kwenye mikunjo. Kliniki za ngozi zina taa maalumu, ukimulikwa gizani baka linang'aa rangi ya waridi iliyokoza. Dawa yake ni ya bakteria. Ila kwa maandishi siwezi kukuhakikishia, inaweza kuwa ugonjwa mwingine wa ngozi.

Dereva wa Semi
Nashusha mzigo Moshi wiki ijayo. Pale KCMC si wana kituo cha ngozi?

Nesi wa Zamani
Wanacho, tena wanafundisha wataalamu wa ngozi. Kuanzia leo acha kupaka chochote kwenye hilo baka, usije ukakwanguliwa wakati dawa ya fangasi bado iko kwenye ngozi, majibu yanaweza kusoma hakuna kitu na kumbe yupo. Na tyubu zote ulizotumia, hata zilizokwisha, zibebe.